Kuieleza Grafu kwa Kiingereza: Namba Kwanza, Kitenzi Baadaye

Anayefanya mtihani wa IELTS wa kitaaluma, ule unaotakiwa na vyuo vikuu vingi vya nje, hukutana na mchoro mwanzoni mwa sehemu ya uandishi. Mara nyingi ni grafu ya mstari au chati ya pau. Anatakiwa aueleze kwa maneno yasiyopungua 150, na anashauriwa atumie dakika 20 tu, kwa sababu insha inayofuata ndiyo yenye uzito mara mbili.

Wengi hujiandaa kwa kukariri vitenzi vya kupanda na kushuka: “rise”, “climb”, “soar”, “fall”, “drop”, “plunge”. Kuvijua ni lazima. Lakini kila kitenzi kati ya hivyo kinadai jambo fulani kuhusu namba, na dai hilo likiwa si kweli, jibu limekosewa hata kama sarufi yake haina doa. Kazi ya kwanza, basi, ni kuzielewa namba.

Tuchukue takwimu tunazozifahamu: sensa za Tanzania. Mwaka 1967 walihesabiwa watu milioni 12.3. Mwaka 1978 wakawa milioni 17.5, mwaka 1988 milioni 23.1, mwaka 2002 milioni 34.4, mwaka 2012 milioni 44.9, na mwaka 2022 milioni 61.7. Tuseme mtahiniwa amepewa pau sita zenye namba hizo.

Kabla ya kugusa pau yoyote, aitazame picha nzima na kuieleza kwa sentensi moja au mbili. Msahihishaji huitafuta sehemu hiyo. Vigezo vya usahihishaji vilivyotangazwa vinadai muhtasari ulio wazi kwa anayetaka alama 7 katika kigezo cha kutimiza swali, na anayeorodhesha namba moja baada ya nyingine bila muhtasari hubaki kwenye alama 5. Hapa sentensi hii ingetosha: “Overall, the population grew about fivefold, with the largest increase in the final decade.” Haijabeba takwimu hata moja ya mwaka fulani, lakini anayeisoma ameshaiona chati: idadi iliongezeka karibu mara tano, na ongezeko kubwa zaidi lilikuwa katika miaka kumi ya mwisho.

Baada ya hapo zinakuja sentensi za undani, na hapo vijineno vidogo ndivyo huharibu kazi. Kuanzia 2002 hadi 2012 idadi iliongezeka kwa milioni 10.5 na kufikia milioni 44.9. Kwa Kiingereza, “rose by 10.5 million” hutaja kiasi kilichoongezeka, na “rose to 44.9 million” hutaja pale idadi ilipofikia. Anayeandika “rose by 44.9 million” amewaongeza watu zaidi ya milioni 34 ambao hawakuwapo. Akitumia nomino badala ya kitenzi, kijineno hubadilika tena: “a rise of 10.5 million”. Njia nzuri ya kujisahihisha ni kutoa hesabu: ukiitoa namba ya mwanzo kwenye namba ya mwisho, jibu ndilo linalokaa baada ya “by” au “of”.

Kisha kuna vielezi, ambavyo hukaririwa kwa fungu moja ilhali vinapima mambo mawili tofauti. “Slightly” na “considerably” vinapima ukubwa wa badiliko. “Gradually” na “sharply” vinapima mwendo wake. “Steadily” husema kwamba mwendo haukuyumba. Kitu kinaweza kuongezeka sana lakini polepole, na hapo sensa zetu zina mtego. Ongezeko la 1988 hadi 2002 ni milioni 11.3, kubwa kuliko milioni 10.5 za kipindi kilichofuata. Anayeangalia urefu wa pau tu ataandika kwamba mwendo ulipungua baada ya 2002. Lakini asome miaka iliyoandikwa chini ya pau: kipindi cha kwanza ni cha miaka 14, cha pili ni cha miaka 10. Kwa wastani, kipindi cha kwanza kiliongeza watu kama laki nane kwa mwaka, na cha pili zaidi kidogo ya milioni moja. Kwa hesabu ya watu wanaoongezeka kila mwaka, mwendo ulizidi. Kwenye grafu ya mstari iliyochorwa vizuri jambo hili lingeonekana, kwa kuwa nafasi ya miaka 14 ingekuwa pana zaidi. Pau zilizopangwa kwa nafasi sawa hulificha.

Mtego wa pili hutokea mchoro unapoonyesha kasi badala ya idadi. Wastani wa ukuaji kwa mwaka kati ya sensa ya 1967 na ile ya 1978 ulikuwa asilimia 3.2. Kati ya 2002 na 2012 ulikuwa asilimia 2.7, kisha kati ya 2012 na 2022 ukarudi asilimia 3.2. Mstari wa takwimu hizo hushuka na kupanda, ingawa idadi ya watu haikupungua katika sensa yoyote. Anayeandika “the population fell” amekosea jambo zima, kwani kilichoshuka ni “the growth rate”. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kitenzi soma kichwa cha mchoro na kipimo kilichoandikwa pembeni, ujue ni kitu gani hasa kinachopanda. Wala usiandike “Tanzania increased”. Nchi haikuongezeka, iliongezeka idadi ya watu wake.

Zipo pia chati za pau ambazo hazina mwenendo wowote. Katika sensa ya 2022, Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 5.4 na Mwanza milioni 3.7. Pau mbili hizo zikikaa pamoja, jicho huona mteremko, na mtahiniwa aliyezama katika orodha yake huandika kwamba idadi ilishuka kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Hakuna kilichoshuka. Hizo ni sehemu mbili zilizopimwa kwa wakati mmoja, na lugha inayohitajika ni ya kulinganisha: “Dar es Salaam had a larger population than Mwanza.” Kama mchoro hauna zaidi ya mwaka mmoja, weka kando vitenzi vyote vya kupanda na kushuka.

Mchoro wenye miaka iliyopita huandikwa kwa wakati uliopita, “rose” na “fell”. Ukiwa na miaka ijayo, hayo ni makadirio, nayo huandikwa kama makadirio: “is projected to rise”.

Jambo la mwisho ni kujizuia. Kila Mtanzania anaweza kutaja sababu kadhaa za watu kuongezeka, na kishawishi cha kuzitaja ni kikubwa. Swali halikuziuliza. Linataka yanayoonekana kwenye mchoro, yaliyochaguliwa na kulinganishwa pale panapofaa. Sababu na maoni visivyomo katika takwimu havikuongezei alama, na vinakula dakika za insha inayofuata.

Unapofanya mazoezi, chukua jedwali lolote la sensa au la bei na uandike sentensi tano juu yake. Kisha rudi kwenye kila kitenzi ujiulize: kilichopanda ni nini, kwa kiasi gani, na kwa muda gani? Sentensi isiyojibu maswali hayo ifute, uiandike upya.