Mkate Usiotozwa Kodi na Rekodi Nyingine za Misamaha

Wa kwanza kuipa kodi iliyoachwa jina: Stanley Surrey, afisa wa Wizara ya Fedha ya Marekani, mwaka 1967. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Ukimsamehe mtu shilingi mia ya kodi, hazina inapungukiwa sawasawa na kama ungempa shilingi mia mkononi. Ila ya mkononi hupitia bajeti bungeni kila mwaka, na ya msamaha hukaa kimya ndani ya sheria. Mwaka uliofuata wizara ikachapisha orodha yake ya kwanza.

Msamaha mnene kuliko yote Marekani: bima ya afya inayolipwa na mwajiri, ambayo mfanyakazi hakatwi kodi kwayo. Ilishika kasi wakati wa Vita vya Pili, mishahara ilipofungwa mwaka 1942 na waajiri wakawavuta watu kwa bima. Sheria ikaithibitisha mwaka 1954.

Msamaha wenye makelele kuliko yote Kenya: mkate. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka utozwe VAT ya 16%. Pendekezo likaondolewa Juni, siku chache kabla mswada mzima haujakataliwa.

Tuupime basi. Chukua mkate wa shilingi 65. Njia ya kawaida ni kuzidisha bei kwa kiwango cha kodi, kwa hiyo serikali imeacha shilingi 10.40. Nyumba inayokula mikate miwili kwa siku inapata nafuu ya shilingi 20.80, inayonunua mmoja kila siku ya pili, 5.20 tu kwa siku. Mwenye nacho anabeba mara nne, ingawa huyo wa mkate mmoja ndiye angeumia zaidi kodi ikija, kwa kuwa chakula kinameza sehemu kubwa ya kipato chake. Na hesabu hii inadhani kwamba mkate ukifika 75.40 watu watanunua kiasi kile kile. Hawatanunua, watarudi kwenye mihogo, na makusanyo halisi yatakuwa chini ya makadirio. Ndiyo maana kodi iliyoachwa haiwezi kusomwa kama fedha inayosubiri kuchukuliwa.

Neno linalopotosha kuliko yote, kwangu mimi, ni “kusamehewa”. Mkate wa kiwango cha sifuri humruhusu mwokaji kurudishiwa VAT aliyolipa kwenye karatasi za kufungia na mashine. Ukihamishiwa kwenye orodha ya bidhaa zilizosamehewa, harudishiwi chochote. Tuseme ndani ya kila mkate kuna gharama za shilingi 25 zilizotozwa VAT: shilingi 4 zinabaki hazina, na mlaji anazilipa ndani ya bei bila kuziona kwenye risiti. Hapo serikali haikuacha 10.40. Imeacha 6.40, na anayekadiria kwa kutazama bei ya dukani peke yake atakosea kwa hizo 4.