Taa ya kuchaji haidumu? Pima kable kabla ya kununua batri

Katika depo, taa ya kuchaji ndiyo inamulika mizani jioni wakati wanamemba wanaleta kahawa. Ikianza kuzima mapema, wengi wanasema batri imekufa, wanatoa franga kununua ingine. Lakini batri inaweza kuwa nzima, ni umeme tu ambao haufiki. Ndugu wanamemba, mupime kutoka inje kuenda ndani. Njia hii inafaa pia kwa pawabanki.

1. Kable
Mutumie kable ya taa kuchaji simu. Muikunje polepole karibu na kila kichwa. Kama simu inaacha kuchaji, nyuzi za ndani zimekatika. Kable mbovu inaweza kuwasha alama ya kuchaji lakini ipitishe umeme kidogo sana. Kwa hiyo muchaji taa na kable nzuri ya jirani. Ikidumu kama zamani, mununue kable tu.

2. Mahali pa kugusana
Muchomoe taa na kuizima. Mutoe vumbi katika tundu la kuchaji kwa kijiti kikavu cha mbao, si kwa sindano. Kama batri inatoka, muangalie vyuma vinavyoigusa. Kutu ya kijani ama nyeusi inazuia umeme: muisugue na gomu ya wanafunzi. Springi ikilala, muivute kidogo.

3. Batri yenyewe
Tuseme batri imeandikwa 3.7V na 2000 mAh, na taa inakula karibu 300 mA. Ikiwa mpya, inawaka zaidi ya saa sita. Sasa, hata na kable nzuri na vyuma safi, inawaka dakika 40 tu. Maana yake imebaki na sehemu moja hivi kati ya kumi.

Kwa kuhakikisha, muijaze kabisa, muache ipumzike saa moja, kisha mupime na multimeta. Batri hii ikijaa inaonyesha karibu volti 4.2. Lakini hiyo haitoshi, sababu batri iliyochoka pia inaweza kuonyesha 4.1 ikiwa imepumzika. Muwashe taa dakika kumi, mupime tena ikiwa ingali inawaka. Batri nzima inashuka kidogo tu. Ile iliyoshuka chini ya 3.4 haraka hivyo imechoka, na hakuna kuchaji kutakaoirudisha.

Mukinunua ingine, musome maandishi yake. Kama ya zamani ni 3.7V, musiweke ya 3.2V, hata kama ukubwa ni sawa, sababu taa itaijaza kupita kiasi na inaweza kuleta hatari. Katika pawabanki yenye batri nyingi, musichanganye mpya na ya zamani.

Batri iliyovimba ama inayopata moto sana isichajiwe tena. Musiitoboe, musiitupe ndani ya moto. Muiweke inje, mbali na magunia na watoto.