Maelezo ya Samaki wa Kupaka

Neno "tamu" lina kazi nyingi mno katika Kiswahili. Sukari ni tamu, pilau ni tamu, hata usingizi ni mtamu. Mgahawa ukizindua menyu mpya na kuandika chini ya picha kwamba chakula chake ni kitamu, msomaji hajaambiwa kitu. Nina kipimo kimoja kwa sentensi za aina hiyo: toa jina la chakula, weka jina la kingine. "Ladha isiyo na kifani" inakaa kwa samaki, inakaa kwa chapati, inakaa kwa sharubati ya ukwaju. Basi haihusu chochote kati ya hivyo.

Mgahawa mmoja wa Mombasa uliniletea maelezo ya samaki wa kupaka, chakula kilichoongoza menyu yao mpya. Waliandika: "Njoo uonje samaki mtamu kuliko wote Pwani, aliyevuliwa leo, kwa tui la nazi iliyokunwa sasa hivi na viungo vinavyotibu mwili." Sikuanza kusahihisha. Niliomba kwenda jikoni.

Mpishi alikuwa mama wa makamo. Nilimuamkia, kisha nikamuuliza anavyompika huyo samaki. "Mwanangu, kwanza nampasua, namtia chumvi, ndimu, thomu na tangawizi, namwacha akolee," aliniambia. "Akishachomwa pande zote mbili ndipo nampaka tui zito lenye ukwaju, pilipili na bizari ya manjano. Likikauka nampaka tena, na tena. Mara tatu." Nilisimama kando ya jiko nikangoja. Tone la tui likadondokea makaa, likalia chwaa, na moshi uliopanda ulinukia nazi na ukwaju kwa pamoja.

Hapo ndipo penye maneno. Picha tayari inaonyesha rangi, kwa hiyo kusema samaki ana rangi ya dhahabu ni kurudia. Maelezo yabebe kile ambacho kamera haishiki: sauti, harufu, mguso, na mpangilio wa ladha mdomoni. Kiswahili kina vitenzi vya kazi hiyo, kama kukolea, kutokota na kubanduka, na kitenzi huchora vizuri kuliko sifa tatu zilizopangwa foleni. Angalizo moja: samaki anayenukia huita watu, anayenuka huwafukuza, na tofauti yao ni irabu moja tu. Soma tangazo kwa sauti kabla ya kulitoa.

Kisha nikauliza kuhusu kila dai. Samaki amevuliwa leo? Siku nyingine ndiyo, lakini wakati wa kusi bahari huchafuka na mgahawa hutumia wa barafu. Nazi inakunwa sasa hivi? Ya mchana, ndiyo. Usiku hutumia tui la pakiti. Viungo vinatibu? Hakuna aliyeweza kusema vinatibu nini. Madai hayo matatu yakatoka, pamoja na "kuliko wote Pwani", kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaonja wote. Hili si suala la adabu tu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya mwaka 2012, na sheria hiyo inakataza kumpa mnunuzi maelezo ya uongo kuhusu bidhaa.

Tulichoandika ni hiki:

"Tone la tui likidondokea makaa, jiko zima hunukia nazi na ukwaju. Samaki wa kupaka, kuanzia Ijumaa. Anachomwa kwanza, kisha anapakwa tui zito mara tatu mpaka kingo zianze kuungua kidogo. Nyama inabanduka kwenye mwiba bila kuvutwa. Uchachu wa ukwaju unatangulia, pilipili inafuata taratibu. Aina ya samaki hutegemea soko la siku hiyo. Tuulize kabla ya kuagiza. Ana nazi."

Sentensi ya harufu imetangulia kwa makusudi. Kwenye Instagram, ni herufi 125 hivi tu zinazoonekana kabla msomaji hajabonyeza kusoma zaidi, na hiyo yetu haifiki 80. Kama tungeanza na "Tunayo furaha kuwatangazia", nafasi hiyo ingeishia kwenye furaha yetu, samaki hajatajwa. Sentensi ya nazi imewekwa mwisho, fupi na kavu, kwa ajili ya mteja ambaye nazi humdhuru. Huyo hahitaji mapambo.

Wenye mgahawa walisita kuhusu "kuungua kidogo". Niliwasihi waiache. Mteja atakayeona kingo nyeusi sahanini atajua ndivyo anavyopikwa, na asiyependa ataagiza kingine mapema.

Nawe unayeandika, kaa mezani na sahani yenyewe mbele yako, usome maelezo neno kwa neno. Neno usiloweza kulionyesha kwa kidole, kulinusa au kulionja, likate. Na jikoni wakibadilisha ukwaju kwa ndimu, badilisha maelezo siku hiyo hiyo.