Risiti Na. 3

Afisa ugani mmoja niliyefanya naye kazi alitoka Morogoro kwenda Ifakara kwa siku tatu, akatumia fedha zake, akarudi na bahasha ya risiti. Alidai shilingi 146,500. Fomu yake ilirudishwa mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa risiti ya nyumba ya wageni hailingani na anachodai, mara ya pili kwamba pikipiki haina risiti, mara ya tatu kwamba bosi wake amesaini mahali pasipo pake. Alilipwa siku ya 41.

Kila mtu alimlaumu mhasibu, nami nikiwamo. Nilipopewa kazi ya kuitengeneza upya ile fomu ndipo nikaona kosa lilikuwa kwenye karatasi yenyewe. Ilikuwa na safu mbili tu, "Maelezo" na "Kiasi", chini yake maneno "ambatisha risiti", halafu mistari mitatu ya sahihi. Mwenye kuijaza alilazimika kubuni mengine yote.

Tulianza na risiti. Kila matumizi yalipata mstari wake wenye namba, na namba hiyo hiyo huandikwa kwa kalamu kwenye kona ya risiti. Risiti hubandikwa kwa gundi kwenye karatasi ya A4, zisilaliane, kisha hupigwa picha siku hiyo hiyo. Picha si urembo: risiti nyingi za mashine ya EFD huchapwa kwenye karatasi inayoshika maandishi kwa joto, na ukiiacha juani kwenye dashibodi ya gari unaweza kuikuta haisomeki.

Kisha tukagawa "Kiasi" mara mbili: kiasi kilicho kwenye risiti, na kiasi kinachodaiwa. Hapo ndipo palipomkwamisha yule afisa ugani. Risiti yake ya malazi ilisema 92,000, yeye akadai 80,000, kwa sababu 12,000 zilikuwa za chakula ambacho tayari amelipiwa kwenye posho. Alikuwa mwaminifu, lakini fomu haikumpa pa kuueleza uaminifu wake, na mhasibu akaona namba mbili zinazogombana. Kwenye fomu mpya mstari wa 3 unasoma 92,000, kisha 80,000, kisha "chakula kimetolewa".

Pikipiki zilimgharimu 24,000 kufika vijijini, na mwenye bodaboda hana mashine ya risiti. Kumdai afisa risiti hiyo ni kumfundisha kughushi. Tukachapa nyuma ya fomu hati fupi ya malipo yasiyo na risiti: tarehe, kutoka wapi hadi wapi, kiasi, simu na sahihi ya dereva. Tuliwekea kikomo cha 30,000 kwa safari moja. Bila kikomo, hati hiyo ingekuwa mlango wa kupitishia chochote.

Kwenye idhini tulipunguza sahihi tatu zikawa mbili, na juu ya kila moja tukaandika anayesaini anathibitisha nini. Msimamizi anathibitisha kwamba safari ilikuwa ya kazi na matumizi yalihitajika. Mhasibu anathibitisha kwamba risiti na hesabu zinalingana na fungu lina fedha. Zamani wote watatu walisaini chini ya neno "Imeidhinishwa", kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyekagua. Cheo cha anayekaimu msimamizi akisafiri nacho kimechapwa. Na anayerudisha fomu hana ruhusa ya kusema "haijakamilika" tu. Anajaza namba ya mstari na kasoro yake.

Muda ndio uliotupa shida zaidi. Rasimu ya kwanza iliahidi malipo "ndani ya siku 10 za kazi", lakini siku 10 tangu lini? Mdai alihesabu tangu alipomkabidhi bosi, mhasibu tangu fomu ilipomfikia. Tukaacha kuhesabu siku. Fomu iliyotimia ikimfikia mhasibu kabla ya saa 10 jioni ya Jumatano, hulipwa Ijumaa ya wiki hiyo. Ikichelewa, Ijumaa inayofuata. Mhasibu anapoipokea huandika tarehe ya malipo kwenye kipande cha chini, anakikata na kumpa mdai. Ikirudishwa, kipande hicho hufutwa na kingine hutolewa. Bila shaka, akaunti ikiwa tupu hakuna fomu itakayoijaza, kwa hiyo mhasibu haandiki tarehe kabla ya kuangalia salio.

Kabla ya kuchapisha nakala nyingi tulimpa dereva wa ofisi bahasha ya risiti halisi, tukakaa kimya tukimtazama anavyojaza. Penye safu ya "Tarehe" aliandika ya siku ile, mistari yote mitano. Sasa safu hiyo inaitwa "Tarehe iliyo kwenye risiti".