Kwa Nini Faida ya Asilimia 10 kwa Juma Haiwezi Kudumu

Mkulima wa kahawa wa Karagwe au Kyerwa hupata sehemu kubwa ya fedha zake katika msimu mmoja wa mwaka, baada ya kupeleka kahawa yake katika chama cha msingi. Fedha hizo ndizo zitakazonunua sare za watoto, mabati na dawa mpaka msimu mwingine. Tuseme kwamba wakati huo anatokea mtu anayemwambia: "Nipe shilingi 100,000, nami nitakupa faida ya shilingi 10,000 kila juma." Juma la kwanza shilingi 10,000 zinaletwa kweli. Juma la pili vivyo hivyo. Jirani anaona kwa macho yake, naye anakwenda kutoa fedha zake.

Je, malipo hayo ni ushahidi kwamba mpango ni wa kweli? Hesabu ya kidato cha pili inatosha kulijibu swali hilo.

Kwanza tuitazame ahadi yenyewe. Kitu kinachoongezeka kwa asilimia 10 huzidishwa kwa 1.1. Mwanachama asipochukua faida yake, bali akaiacha izae pamoja na mtaji, shilingi 100,000 zitakuwa 110,000 baada ya juma moja, 121,000 baada ya majuma mawili na 133,100 baada ya matatu. Kanuni yake ni hii:

A = 100,000 × (1.1)ⁿ

ambapo n ni idadi ya majuma. Majuma 8 yakitimia, fedha zimekwisha kupita maradufu. Baada ya majuma 52, yaani mwaka mmoja, (1.1)⁵² ni takriban 142, na hivyo mwanachama anadai shilingi milioni 14.2. Baada ya mwaka wa pili anadai zaidi ya shilingi bilioni 2, nazo zote zimetokana na laki moja.

Msomaji anaweza kupinga na kusema kwamba zipo biashara zinazotoa faida ya asilimia 10 kwa juma. Ni kweli. Mama anayenunua mikungu 10 ya ndizi shambani na kuiuza katika soko la Omurushaka anaweza kupata faida hiyo, pengine hata zaidi. Lakini ahadi tunayoichunguza inataka faida hiyo irudishwe katika biashara, na biashara ikue kwa kiwango kile kile kila juma bila kukosa. Mwaka ukiisha, mama huyo angepaswa kuuza mikungu 1,420 kila juma. Angeipata wapi, na wanunuzi wangekuwa akina nani? Biashara ndogo hutoa faida kubwa kwa sababu ni ndogo. Ikipanuka, bei ya kununulia hupanda, bei ya kuuzia hushuka, na faida hupungua. Mbuni nao hauzai kila juma.

Basi fedha za malipo hutoka wapi? Katika mipango ya namna hii hutoka kwa wanachama wapya. Tuchukue mfano. Watu 100 wametoa shilingi 100,000 kila mmoja, na mwenye mpango amekwisha kuzitia mfukoni shilingi milioni 10 hizo. Juma la kwanza anadaiwa faida ya shilingi milioni 1, kwa hiyo anahitaji watu wapya 10. Sasa wanachama ni 110, na juma la pili anahitaji wapya 11. Wanakuwa 121. Hata kama kila mwanachama huchukua faida yake na kuitumia, idadi ya watu yenyewe inalazimika kuzidishwa kwa 1.1 kila juma. Riba juu ya riba tuliyoiona katika fedha imehamia katika hesabu ya watu.

Katika juma la 10 wanachama ni 259. Katika juma la 30 ni 1,745. Katika juma la 52 ni 14,204, na juma linalofuata lazima wapatikane wapya 1,420.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu takriban watu 653,000 katika wilaya za Karagwe na Kyerwa kwa pamoja. Mpango ulioanza na watu 100 utaifikia idadi hiyo pale (1.1)ⁿ itakapokuwa 6,530. Kwa kutumia logi, tunagawanya 3.815 kwa 0.0414 na kupata 92 na kidogo. Kwa hiyo katika juma la 93 kila mtu aliyehesabiwa, pamoja na watoto wachanga, angepaswa kuwa mwanachama. Wala haisaidii kusema kwamba watu wameongezeka tangu sensa hiyo, kwani hata wangeongezeka maradufu, mpango ungepata nafasi ya majuma 8 tu zaidi. Tanzania nzima, ambayo sensa ya mwaka 2022 iliikuta na watu milioni 61.7, ingekwisha katika juma la 140. Kwa kweli mpango huanguka mapema zaidi, kwa kuwa hauhitaji watu waishe. Inatosha wapya wapungue chini ya sehemu moja ya kumi ya wanachama waliopo.

Siku hiyo nani hupata hasara? Mwanachama anahitaji malipo 10 ili kurudishiwa laki yake. Waliojiunga katika majuma 10 ya mwisho bado hawajafika hapo. Kwa kuwa (1.1)¹⁰ ni 2.59, waliokuwapo majuma 10 kabla ya anguko ni 39 tu katika kila 100. Wale 61 waliobaki wamepoteza sehemu ya fedha zao au zote. Sehemu hiyo haibadiliki, mpango uanguke katika juma la 20 au la 80. Kinachobadilika ni idadi ya watu wanaoumia.

Nchi yetu imekwisha kuyaona haya. Mpango uliojulikana kwa jina la DECI uliwaalika watu "kupanda mbegu" za fedha na "kuvuna" zaidi ya walichopanda. Serikali iliusimamisha mwaka 2009, na wakurugenzi wake wakashtakiwa kwa kuendesha upatu na kupokea amana za watu bila leseni. Neno hilo lisituchanganye na upatu wa kawaida wa majirani. Watu 10 wakitoa shilingi 10,000 kila juma, na kila mmoja akapokea 100,000 kwa zamu yake, hakuna aliyeahidiwa nyongeza, na hesabu inafungwa.

Tunaona basi kwamba malipo ya majuma ya mwanzo hayathibitishi lolote, kwani mpango wa uongo nao hulipa vizuri maadamu watu wapya wanaingia. Dalili za kutazama ni nyingine: mwanachama anaposihiwa aiache faida yake "izae", anapopewa zawadi kwa kuleta wenzake, na anapouliza ni bidhaa gani iliyouzwa, na kwa nani, asijibiwe.

Wanafunzi wajaribu wenyewe hesabu hii kwa ahadi ya asilimia 5 kwa juma. Watakuta kwamba Karagwe na Kyerwa zinadumu mpaka juma la 181 badala ya la 93. Lakini kurudishiwa laki moja sasa kunahitaji majuma 20, na (1.05)²⁰ ni 2.65. Wanaoumia ni 62 katika kila 100. Kupunguza kiwango kumeahirisha siku ya anguko tu.