Kulenga kwa Kugeuza Pedi

Pedi ya DualShock 4, ile ya PS4 iliyojaa kwenye mabanda ya gemu, ina kitu ambacho wachezaji wengi hawajawahi kukitumia. Ndani yake mna jairoskopu, kitambuzi kidogo kinachopima pedi inageuka upande gani na kwa kasi gani. Kimo humo tangu pedi hiyo ilipotoka mwaka 2013. Kwenye gemu za kufyatua risasi kinaweza kufanya kazi ambayo kidole gumba kinaihangaikia kila siku: kuisogeza alama ya shabaha kidogo tu, mpaka ikae pale hasa unapotaka.

Nintendo waliwazoesha watu mtindo huu kwa Splatoon mwaka 2015, na Fortnite nayo ikaupokea. Pedi za kawaida za Xbox hazina kitambuzi hicho, kwa hiyo mwenye Xbox hapa hana lake. Mimi nitaeleza njia ya kompyuta ya Windows, kwa sababu huko kila kitu unakipanga mwenyewe na unakiona. Programu inaitwa JoyShockMapper na ni ya bure. Unachomeka pedi kwa waya, unafungua programu, kisha unaandika amri kwenye dirisha lake. Yenyewe hugeuza mizunguko ya pedi kuwa miendo ya kipanya, na gemu hudhani unatumia kipanya kweli. Ndiyo maana ule msaada wa kulenga ambao gemu nyingi huwapa watumiaji wa pedi hutoweka. Usishangae ukiona risasi hazivutwi tena kuelekea kwa adui.

Kabla ya kugusa namba yoyote, kuna jambo moja ambalo wageni wengi hulikosea. Wanadhani pedi ikiinama kulia, kamera itaendelea kuzunguka kulia mpaka uirudishe, kama usukani wa gari. Sivyo. Ukigeuza pedi kidogo, kamera inageuka kidogo. Ukisimama, nayo inasimama. Na mgeuko wa kulia na kushoto ni wa pua ya pedi, jinsi kichwa kinavyotikiswa kukataa jambo.

Hapo ndipo shida ya kwanza inapozaliwa. Adui yuko kulia, unageuza. Mwingine yuko kulia zaidi, unageuza tena. Baada ya muda mikono imejipinda na haiwezi kwenda mbele. Mwenye kipanya huinua kipanya juu ya meza na kukirudisha katikati. Mwenye pedi anahitaji kitufe cha kufanya kazi hiyo hiyo, na kwa maoni yangu kitufe hiki ndicho uamuzi mkubwa kuliko yote, kwa kuwa hata wepesi wa kulenga hutegemea kama una njia ya kurudisha mikono.

Chaguo ni mbili. Ya kwanza ni jairoskopu kuwaka pale tu unaposhika L2 kulenga, ambayo programu huiita `ZL`. Ni rahisi kwa anayeanza, maana unaweza kutembea, kukohoa au kunyanyua kikombe cha chai bila kamera kucheza. Kasoro yake ni kwamba ukitaka kurudisha mikono katikati, inabidi uache kulenga, na mara nyingi hiyo hutokea wakati mbaya kabisa. Ya pili ni jairoskopu kuwaka muda wote, na kitufe kimoja cha kuizima kwa muda mfupi. Unakishika, unarudisha pedi mbele ya kifua, unakiachia. Mimi naona hii ya pili ndiyo ya kufikia, hata ukianza na ile ya kwanza. Kitufe kizuri ni R1, ambacho ni `R`, kwa kuwa kidole cha shahada kinakifikia huku gumba likibaki kwenye kifimbo.

Mpangilio wa kuanzia unaweza kuwa hivi:

```
IN_GAME_SENS = 1
REAL_WORLD_CALIBRATION = 40
GYRO_SENS = 3
GYRO_OFF = R
RIGHT_STICK_MODE = FLICK
ZL = RMOUSE
ZR = LMOUSE
```

Mstari wa kwanza ni namba ya wepesi wa kipanya iliyoandikwa ndani ya gemu. Weka ile ile unayoiona huko. Mstari wa pili ni wa kukisia tu, na hutofautiana gemu hadi gemu. Ili kupata namba ya kweli, ingia kwenye gemu, simama ukitazama alama fulani ukutani, kisha sukuma kifimbo cha kulia mbele na ukizungushe taratibu mpaka kamera imalize mzunguko mmoja kamili na kurudi kwenye alama ile. Kiachie, rudi kwenye dirisha la programu, andika `CALCULATE_REAL_WORLD_CALIBRATION`. Itakupa namba ya kuweka mahali pa 40.

Usiiruke hatua hii, kwa sababu ndiyo inayoipa `GYRO_SENS` maana. Namba ikiwa 1, pedi ikigeuka nyuzi 30, kamera nayo inageuka nyuzi 30. Ikiwa 3, nyuzi 30 za mkono huleta nyuzi 90, yaani robo ya mzunguko. Viganja hufika hapo bila taabu. Kumtazama aliye nyuma yako kungehitaji nyuzi 60, na hapo viwiko vinaanza kulalamika. Kazi hiyo mwachie kifimbo. Ukipandisha mpaka 8 utageuka upesi, lakini mtetemo wa nusu nyuzi wa mkono wako utakuwa nyuzi 4 kwenye skrini, na adui wa mbali hutampata. Kipimo changu ni rahisi: lenga kitasa cha mlango upande wa pili wa chumba. Alama ikitetemeka pembeni mwake, punguza. Ikitulia lakini ukajikuta unabonyeza R1 kila mara, ongeza.

Sasa tuseme umeweka pedi mezani na kamera inatambaa pole pole yenyewe. Kitambuzi kinapima kasi ya kugeuka, na hata kikiwa kimetulia kinaweza kusema uongo mdogo, hasa pedi inapopata joto. Uongo wa nusu nyuzi kwa sekunde unaonekana si kitu. Uzidishe kwa 3, halafu kwa sekunde 60: ni nyuzi 90 kwa dakika.

Dawa ni kukifundisha sifuri. Laza pedi juu ya meza, uiachie kabisa, kisha andika:

```
RESTART_GYRO_CALIBRATION
```

Subiri sekunde kama tatu, halafu:

```
FINISH_GYRO_CALIBRATION
```

Ukifanya hivi pedi ikiwa mkononi, programu itachukua mwendo wa mikono yako kuwa ndiyo utulivu, na kamera itateleza kuliko mwanzo. Meza yenye spika inayodunda besi nayo haifai. Joto la mikono likibadilisha mambo baada ya muda, rudia.

Kuna wanaotaka kumaliza tatizo kwa `GYRO_CUTOFF_SPEED`, amri inayopuuza kila mwendo ulio chini ya kasi fulani. Kutambaa kunakoma, ni kweli, lakini pamoja nako vinapotea vile visogeo vidogo ambavyo ndivyo vilivyokuleta kwenye jairoskopu. Iache kwenye sifuri.

Kama kamera bado inasogea hata baada ya kusawazisha, shika R1. Ikisimama, ni jairoskopu, na kusawazisha kulikosewa. Ikiendelea, jairoskopu haina hatia: tafuta chanzo kwingine.