Duka Halina Chake

Muuza saruji anapofunga duka jioni na kuhesabu noti zilizomo kwenye droo, anajua jambo moja tu: ana fedha kiasi gani. Hajui kama amepata faida au hasara. Hajui ni kiasi gani cha noti hizo kitatakiwa na watu wengine kesho. Daftari lake la kila siku, lile lenye safu ya fedha zilizoingia na safu ya zilizotoka, halimfikishi mbali, kwa sababu linafuata fedha peke yake. Mifuko aliyokopesha fundi haimo. Mzigo alioletewa na muuzaji wa jumla kwa mkopo haumo. Ada ya mtoto, iliyotoka kwenye droo hiyohiyo, imeandikwa chini ya pango la duka kana kwamba ni matumizi ya aina moja.

Wafanyabiashara wa Italia walikuwa na shida hiyohiyo miaka 700 iliyopita, tena kubwa zaidi, maana walikuwa na wabia, mizigo ya mkopo na matawi katika nchi za mbali. Leja ya kampuni ya Giovanni Farolfi, ya wafanyabiashara wa Firenze waliokuwa na tawi Salon, kusini mwa Ufaransa, ni ya mwaka 1299 hadi 1300, na ni miongoni mwa leja kongwe zilizobaki zinazoonyesha kila muamala ukiandikwa mara mbili. Mwaka 1494 mtawa Mfransisko aitwaye Luca Pacioli aliueleza mfumo huo katika kitabu chake cha hisabati kilichochapishwa Venisi. Hakuubuni yeye. Aliandika jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyokuwa wakifanya, na msingi alioueleza ndio unaotumika hadi leo.

Msingi wenyewe unaanza na hatua moja ambayo wengi huiruka: kumtenga mwenye duka na duka lake. Kwa mhasibu, duka ni mtu mwingine kabisa, na mtu huyo hana chake. Kila kilichomo dukani, iwe ni fedha, saruji au deni analodaiwa fundi, kimetoka kwa mtu. Ama kimetoka kwa mwenye duka, na hapo tunakiita mtaji, ama kimetoka kwa mtu wa nje aliyekopesha, na hapo tunakiita deni. Kwa hiyo jumla ya mali ya duka lazima ilingane na jumla ya madeni na mtaji. Usawa huo hautokani na ustadi wa mwandishi wa hesabu. Ni vitu vilevile vilivyohesabiwa mara mbili: mara ya kwanza tunauliza ni vitu gani, mara ya pili tunauliza ni vya nani au vimetoka wapi.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kila muamala kugusa akaunti mbili au zaidi. Ukibadilisha upande mmoja wa usawa, lazima kitu kingine kibadilike, ama upande wa pili, ama palepale upande wa kwanza.

Tuchukue mwanamke anayefungua duka la saruji Morogoro kwa akiba yake ya shilingi 4,000,000. Duka limepata fedha 4,000,000, na papo hapo limeanza kuwajibika kwake kwa kiasi hichohicho. Katika leja kila akaunti ina pande mbili: kushoto ni debiti, kulia ni krediti. Akaunti za mali huongezeka zikiandikwa debiti na kupungua zikiandikwa krediti. Akaunti za madeni na mtaji hufanya kinyume chake. Basi anaandika debiti 4,000,000 katika akaunti ya fedha na krediti 4,000,000 katika akaunti ya mtaji. Hakuna zuri wala baya katika majina hayo mawili. Ni kushoto na kulia tu.

Kisha ananunua mifuko 200 kwa shilingi 15,000 kila mmoja, jumla 3,000,000. Analipa 1,200,000 taslimu na kubaki na deni la 1,800,000 kwa muuzaji wa jumla. Akaunti ya bidhaa inapata debiti 3,000,000, akaunti ya fedha krediti 1,200,000, na akaunti ya mdai krediti 1,800,000. Zimeguswa akaunti tatu, lakini jumla ya kushoto ni sawa na jumla ya kulia. Sheria haidai akaunti mbili kamili. Inadai pande mbili zilingane.

Mpaka hapa hajapata faida wala hasara; vitu vimebadilika sura tu. Mauzo ndiyo yanayowatatiza wengi. Anauza mifuko 120 kwa shilingi 17,000, jumla 2,040,000. Mifuko 100 imelipiwa taslimu, yaani 1,700,000, na 20 amechukua fundi kwa mkopo wa 340,000. Upande wa kushoto ni rahisi: fedha 1,700,000, mdaiwa 340,000. Lakini kulia tuandike nini? Hakuna aliyelikopesha duka fedha hizo. Zimepatikana kwa biashara, na kwa kuwa duka halina chake, zinaongeza haki ya mwenye duka. Mtaji huongezeka kwa krediti, basi na mauzo ni krediti, 2,040,000. Kwa hoja hiyohiyo kila gharama ni debiti, maana inapunguza haki ya mwenye duka.

Mauzo hayo yana mguu wa pili ambao husahaulika. Mifuko 120 imeondoka stoo, nayo ilinunuliwa kwa 1,800,000. Kwa hiyo akaunti ya gharama ya bidhaa zilizouzwa inapata debiti 1,800,000, na akaunti ya bidhaa inapata krediti kiasi hichohicho. Maduka mengi madogo hayaandiki hivi kila siku. Husubiri kuhesabu stoo mwisho wa mwezi, na hilo linakubalika. Asiyeandika kabisa ataona faida isiyokuwepo, kwa sababu atayachukua mauzo yote kuwa yake.

Mwisho wa mwezi analipa pango 100,000, na anachukua 50,000 kwa ajili ya ada ya mtoto. Fedha zinapata krediti mara zote mbili. Upande wa debiti ndio unaotofautiana: pango linaingia kwenye gharama za duka, ada inaingia kwenye akaunti ya matumizi binafsi ya mwenye duka. Shule ya mtoto si gharama ya kuuza saruji. Ni mwenye duka kurudishiwa sehemu ya kilicho chake.

Sasa anapanga salio la kila akaunti katika karatasi moja iitwayo urari. Kushoto kuna fedha 4,350,000, bidhaa 1,200,000, mdaiwa 340,000, gharama ya bidhaa zilizouzwa 1,800,000, pango 100,000 na matumizi binafsi 50,000. Kulia kuna mtaji 4,000,000, mdai 1,800,000 na mauzo 2,040,000. Kila upande unafika 7,840,000.

Droo ilianza mwezi ikiwa na 4,000,000 na sasa ina 4,350,000. Kwa jicho la droo, biashara imeingiza 350,000, na hiyo ni baada ya kutoa ada. Leja inasema vingine: mauzo 2,040,000, toa gharama ya saruji 1,800,000, toa pango 100,000, faida ni 140,000. Fedha zimejaa kuliko faida kwa sababu sehemu kubwa ya mzigo bado haijalipiwa. Mwenye duka anayepanga maisha kwa kufuata droo anaweza kula fedha za muuzaji wa jumla akiamini anakula faida yake, na ataligundua jambo hilo siku deni litakapodaiwa. Nadhani hii ndiyo huduma kubwa kuliko zote ambayo pande mbili humpa mfanyabiashara mdogo.

Mkanganyiko mmoja huwarudisha nyuma wanaojifunza. Wakipeleka fedha benki, taarifa ya benki huonyesha krediti, ilhali katika leja yao wenyewe wameandika debiti. Vyote viwili ni sahihi. Taarifa ile imenakiliwa kutoka vitabu vya benki, na kwa benki amana yako ni deni inayowajibika kukulipa. Madeni huongezeka kwa krediti. Muamala ni ule mmoja, umeandikwa katika vitabu vya pande mbili zinazotazamana.

Urari usipolingana, tofauti yenyewe hutoa dalili. Kama badala ya 340,000 ya fundi ameandika 430,000, tofauti itakuwa 90,000. Namba inayogawanyika kwa 9 bila baki humfanya mhasibu ashuku kwanza tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Kama pango la 100,000 limewekwa kulia badala ya kushoto, tofauti itakuwa 200,000, yaani kosa lenyewe mara mbili. Kwa hiyo hugawanya tofauti kwa 2, kisha hutafuta muamala wa kiasi hicho. Dalili hizi si uthibitisho, lakini huokoa saa nyingi za kupekua kurasa.

Hatari zaidi ni makosa ambayo urari hauyaoni. Ada ya mtoto ikiandikwa kuwa gharama ya duka, pande mbili bado zinalingana kwenye 7,840,000, ila faida inashuka hadi 90,000 bila sababu ya kweli. Ankara iliyopotea kabla ya kuandikwa haiachi alama yoyote, maana imekosekana pande zote mbili. Kwa makosa ya aina hii leja pekee haitoshi. Lazima ilinganishwe na kitu kilicho nje yake: taarifa ya benki, kauli ya muuzaji wa jumla kuhusu deni analodai, na stoo yenyewe.

Akaunti ya bidhaa inasema 1,200,000, yaani mifuko 80 kwa bei ya kununulia. Mwenye duka anaingia stoo na kuhesabu. Tuseme anaikuta 77. Huenda mitatu imeuzwa bila kuandikwa, au imeganda kwa unyevu ikatupwa, au imeibwa. Kwanza atafuatilia stakabadhi, kwa sababu kama iliuzwa kuna fedha mahali fulani au kuna mtu anayedaiwa. Asipopata chochote, ataandika debiti 45,000 katika akaunti ya upotevu wa bidhaa na krediti 45,000 katika akaunti ya bidhaa. Urari utalingana kama ulivyolingana mwanzo, na faida ya mwezi itakuwa 95,000.